Mvua ya Jumamosi

Mjukuu wangu hupenda kunichokoza. Jua likiwaka kidogo kuliko jana, huja akasimama mlangoni na kusema, "Babu, tabia ya nchi imebadilika tangu asubuhi." Anajua nitakasirika, na mimi hukasirika kama anavyotarajia. Siku hizi kila mtu hulitumia neno hilo apendavyo. Mimi nililifundisha kwa chaki, mahali ambapo kulichanganya na hali ya hewa kulimpotezea mtu nyumba.

Ilikuwa miaka ya sitini, mwanzoni mwa uhuru, katika shule ya sekondari ya harambee upande wa Homa Bay. Shule yenyewe ilikuwa mabanda mawili ya bati na ofisi ya udongo, juu ya mteremko unaotazama ziwa. Nilikuwa kijana kutoka upande wa Migori, karibu na Suna, Mkatoliki katika eneo la Wasabato, na hasira zangu zilikuwa karibu kama zilivyo sasa. Nilipewa jiografia ya kidato cha kwanza na cha pili kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Kitabu tulichokuwa nacho kilieleza theluji vizuri sana. Kilieleza pia majani yanayopukutika vuli na mvua nyepesi ya Uingereza inayonyesha mwaka mzima. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao hawakuwahi kufika Kisumu, waliyakariri hayo yote bila malalamiko, na jambo hilo ndilo lililoniudhi. Nikakiweka kitabu kando, nikaandika maelezo yangu mwenyewe ya somo.

Niliandika kwamba hali ya hewa ni jinsi hewa ilivyo mahali fulani kwa wakati fulani: joto lake, unyevu wake, mvua, upepo, mawingu, mgandamizo. Leo asubuhi ni hivi, jioni huenda ikawa vile. Tabia ya nchi ni wastani wa mambo hayo hayo, pamoja na kiasi yanavyopanda na kushuka, yakiwa yamepimwa mahali pale kwa miaka mingi, si chini ya thelathini. Kisha nikatafuta mfano wa nyumbani. Jirani akikupa samaki leo, niliwaambia, hiyo ni hali yake ya leo. Pengine amevua sana, pengine ana wageni na anataka waone. Tabia yake utaijua ukikaa naye. Walicheka, kwa kuwa kila mmoja alimjua jirani wa namna hiyo.

Msichana mmoja wa kidato cha kwanza hakucheka. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye sweta moja alilolivaa jua na mvua, na alikuwa na desturi ya kuuliza swali baada ya wenzake kufunga madaftari. "Mwalimu," akasema, "ni nani aliyekaa hapa kwetu miaka thelathini akipima?"

Nikamwambia kuna kituo cha serikali kwenye shamba la majaribio ya pamba, juu kidogo, kinachopima tangu enzi za wakoloni. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona kwamba hakuwa akiuliza kwa ajili ya mtihani.

Sababu yake niliijua, na kila mtu aliijua. Miaka michache kabla ya hapo zilikuja mvua ambazo wazee walisema hawajawahi kuziona, na ziwa likapanda. Halikupanda kwa kishindo. Lilikuja polepole, likachukua mashamba ya mtama, kisha maboma, kisha nyumba. Baba yake msichana huyo alikuwa amekufa kabla ya maji hayo, akazikwa mbele ya nyumba yake kama desturi ilivyo, na maji yakalipita kaburi. Mama yake akapanda mlimani na mtoto wake kwenda kwa kaka yake, wakapewa jiko walale humo.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kufikiri kwamba mwanamke kurudi kwa kaka yake ni kurudi nyumbani. Sivyo. Mwanamke aliyekwisha kuolewa ana dala yake, yaani boma lake na la mumewe, na kwingineko kote ni mgeni, hata pale alipozaliwa. Mama huyo alikuwa mgeni katika jiko la wifi yake, akiomba chumvi. Wifi hakuwa mtu mbaya, ila naye alihitaji jiko lake. Na mama alikuwa na hofu moja aliyoisema waziwazi sokoni: akifia pale mlimani, nani atamzika, na wapi?

Afisa wa kilimo, bwana shamba kama tulivyomwita, mtu wa pwani aliyepewa kituo kile, alikuwa amepigilia vigingi kuonyesha mahali maji yalipofika. Chifu akatoa amri kwamba chini ya vigingi hakuna kujenga. Kwa hiyo, maji yalipoanza kurudi nyuma kidogo, watu wakawa wanaiona ardhi yao kila asubuhi, imelala wazi na matope yake meusi, na hawaruhusiwi kuigusa.

Katika hali hiyo ndipo mimi, kwa ujuaji wangu, nilipoanzisha kazi ya kupima mvua.

Vyombo vyetu vilikuwa vya kuokota. Tulichukua kopo la mafuta ya kupikia lenye kuta zilizonyooka, tukaweka mdomoni faneli ya bati yenye upana uleule wa kopo, ili kina cha maji ndani kiwe sawasawa na kina cha mvua iliyoanguka. Tukaliweka ndani ya debe lililofukiwa nusu ardhini, mdomo ukiwa juu ya nyasi kiasi cha futi moja ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie, mbali na miti na mbali na ukuta wa darasa. Kijiti cha kupimia tulikitia alama za inchi na sehemu za kumi. Kila siku saa tatu asubuhi mtu asome, aandike, amwage, arudishe kopo. Na maji yaliyopatikana asubuhi yaandikwe kwenye tarehe ya jana, kwani sehemu kubwa ya saa zile ni za jana. Hilo la mwisho niliwafundisha hadi koo likakauka.

Ukutani mwa darasa tulibandika karatasi kubwa, na kila siku ilichorewa nguzo ya buluu kulingana na mvua yake. Kazi ya kusoma ilikuwa ya zamu, isipokuwa mwisho wa juma. Mwisho wa juma nilimpa yule msichana, kwa kuwa jiko walilolala lilikuwa karibu na uwanja wa shule. Alikubali mara moja. Kwetu Jumamosi ni siku ya kufua nguo na kupeleka mahindi kusagwa, na wazo lolote jingine halikunijia.

Muhula ukaisha. Siku ya wazazi walikuja wengi, wakapita darasani wakitazama ile karatasi. Walioweza kusoma waliwasomea wenzao. Nguzo za buluu zilikuwa fupi na chache, na katikati yake palikuwa na nafasi tupu nyingi. Mama yake msichana alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliye kanisani.

"Japuonj," akaniita, maana yake mwalimu, "hii nyeupe ndiyo siku hakukunyesha?"

"Ndiyo, mama."

"Nyeupe ni mingi."

"Ni nyingi," nikakubali, maana zilikuwa nyingi.

Kabla ya jua kuchwa habari ilikuwa imeshuka hadi ufukweni: shule imepima, nchi imekauka, mvua za yale maji makubwa zimekwisha. Nilipofika sokoni kesho yake nikapongezwa. Nikajaribu kueleza, na mwuza sukari akanipigia methali kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu hayapo. Juma lililofuata chifu akaitisha baraza la kuamua kama vigingi ving'olewe, na mwalimu mkuu akaambiwa amlete mwalimu wa mvua na karatasi yake.

Bwana shamba alikuwa mwangalifu. Siku mbili kabla ya baraza alikuja shuleni kwa baiskeli na nakala ya vipimo vya kituo chake vya muhula uleule. Tukaketi darasani tukilinganisha. Jumatatu yake na yetu zilikaribiana. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, vivyo hivyo. Lakini kila juma, Ijumaa na Jumamosi, kituo kilikuwa na mvua na sisi tulikuwa na sifuri. Zote. Bwana shamba akaweka kidole juu ya karatasi yetu, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mvua ya hapa kwenu huenda kusali?"

Nilimwita msichana. Alikuja, akaona karatasi mbili mezani, akajua. Hakudanganya hata kidogo.

Alisema Ijumaa asubuhi kopo lilisomwa na mwenye zamu kama kawaida. Jumamosi yeye hakusoma, ilikuwa Sabato, na kupima na kuandika ni kazi. Jumapili alipokuja akakuta maji, na maji hayo yalikuwa yameingia siku ya Sabato. Akaona kuyahesabu ni sawa na kuvuna Sabato kwa mlango wa nyuma. Akayamwaga bila kuyapima, akaanza upya. Kwenye karatasi akaandika sifuri, kwa sababu nilikuwa nimesema kila siku lazima iwe na tarakimu. Hata mvua ya Ijumaa mchana, ambayo si ya Sabato kwa hesabu yoyote, ilikwenda na maji hayo.

"Kwa nini hukuniambia?" Nilisema kwa ukali, na bwana shamba akatazama nje.

"Mwanzoni niliona ni jambo la imani tu, mwalimu. Baadaye mama alianza kuniuliza kila jioni, imepungua? Nikimwambia imepungua, anakula." Akatazama nguzo zake za buluu. "Sikutaka kudanganya. Ila ilivyokuwa kidogo, nilifurahi."

Ningeweza kumgombeza. Sauti ilikuwa tayari kooni. Lakini alikuwa bado akiitazama ile karatasi, na akasema taratibu, akijiambia mwenyewe, "Kumbe siku ambayo haikupimwa si siku kavu." Hakuna mwalimu ambaye angelisema hilo vizuri zaidi, na mimi sikuwa nimelisema kabisa.

Mwalimu mkuu, mtu wa amani aliyechukia mabaraza, alipoelezwa alitikisa kichwa. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Nenda kawaambie ukweli, lakini mtoto usimtaje."

Baraza lilikaa kando ya ghala la pamba. Kwa ajili ya bwana shamba tulizungumza Kiswahili, kila mtu kwa kile alichokuwa nacho. Chifu alifungua kwa kusema watu wamechoka kukaa kwa watu, na uhuru umekuja, na ardhi ni ya mwenyewe. Wakapiga makofi. Kisha nikaitwa.

Nikasema karatasi ya shule ina kosa. Kila juma siku mbili hazikupimwa, na badala ya kuachwa wazi zimeandikwa sifuri. Ukiongeza mvua ya siku hizo kwa kipimo cha kituo, nguzo zinakuwa ndefu.

Mzee mmoja wa kanisa akasimama. "Kijana, unasema Sabato ndio kosa?"

"Hapana, jaduong'," nikasema, yaani mzee. "Sabato si kosa. Kosa ni sifuri. Sifuri inasema nilitazama na hakukuwa na kitu."

Akafikiri, akaketi, na namshukuru hadi leo. Lakini macho yalikuwa yameshaanza kumtafuta msichana, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake. Sikumtaja jina, na haikusaidia. Kijiji kizima kilijua jiko lililo karibu na uwanja wa shule.

"Basi ongeza hizo Jumamosi utupe jibu," akasema chifu. "Mvua imezidi au imepungua?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kufundisha somo langu kwa watu ambao somo hilo lingewaweka juu au chini ya mlima. Nikasema hata nikiongeza, huo ni muhula mmoja. Ni hali ya hewa ya miezi michache. Kama ingetoka kavu, isingekuwa ushahidi kwamba nchi imekauka. Na ikitoka na maji, si ushahidi kwamba mafuriko yatarudi. Tabia ya nchi hujulikana kwa miaka mingi, na ziwa halinywi mvua yetu peke yake. Nikamtaja tena yule jirani na samaki wake. Hakuna aliyecheka.

Mama yake msichana akainuka. Alikuwa mwanamke mwembamba, na aliongea bila kupaza sauti.

"Japuonj, miaka hiyo mingi ni ngapi?"

"Thelathini, mama. Angalau."

"Nikae katika jiko la watu miaka thelathini?"

Nikasema kituo kina vipimo vya zamani, na kwa vipimo hivyo bwana shamba anashauri vigingi vibaki. Bwana shamba akasimama akasema ndivyo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye unafundisha mtoto yangu. Niambie kitu moja tu. Hii mwaka, maji itarudi ama haitarudi?"

Nilitamani kumwambia yatarudi. Ningesema hivyo kwa sauti ya mwalimu, pengine angebaki. Lakini sikujua, na nilikuwa nimetoka kueleza, mbele ya kila mtu, kwamba hakuna anayejua.

"Sijui, mama."

"Basi," akasema, "kama wewe hujui na mimi sijui, afadhali nisijue nikiwa kwangu."

Watu wakacheka, si kwa dharau, kwa faraja. Mtu alikuwa amelisema lililokuwa moyoni mwao. Chifu hakuhitaji kusikia zaidi. Vigingi viling'olewa juma lile, na wengine walivitumia kujengea.

Walijenga wakati wa kiangazi. Nilishuka mara moja kuwaona. Mama alikuwa amelijengea kaburi la mumewe upya kwa mawe, na nyumba ikitazamana nalo, ndogo, imekandikwa vizuri. Akanipa uji. Hakunitupia neno lolote la ushindi, nami nilipima kwa macho umbali wa maji kutoka mlangoni na moyo haukutulia. Msichana alionekana ana furaha ambayo sikuwahi kuiona darasani. Akaniambia sasa ni mbali na shule, lakini zamu zake hataziacha.

Mvua za masika zilipokuja, kwetu hazikuwa za kutisha. Karatasi mpya ya ukutani, ambayo siku za Sabato sasa ziliachwa wazi, ilionyesha nguzo za wastani. Zilinyesha kwingine, Kericho na Kisii na ng'ambo zote za ziwa, na mito ikazileta. Kopo letu lisingeziona hata tungelipima kila Jumamosi tangu kuumbwa kwa dunia. Ziwa likapanda kama lilivyopanda mara ya kwanza, bila kishindo. Kuta za udongo zilinyonya maji kwa chini, na Ijumaa moja mchana nyumba ya mama ikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Hakuna aliyekufa. Akiba ya mbegu iliharibika, mbuzi walikwisha kuuzwa kwa ajili ya kujenga, na kaburi likaingia tena majini.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nikifua nguo nyuma ya nyumba ya walimu. Nikamwona msichana akipanda kutoka bondeni, sketi ina matope hadi kiunoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Akatoa faneli, akatumbukiza kijiti, akakiinua usawa wa macho kama nilivyowafundisha. Kisha akaenda darasani kuandika, kwenye tarehe ya jana. Aliporudi alinikuta nimesimama na shati linalochuruzika maji mkononi.

"Leo nimesoma, mwalimu," akasema.

Ilikuwa Jumamosi. Nikamwambia ahsante, kama mtu aliyeletewa chaki.

Ningeweza kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wapo waliolisema. Mimi sikulisema. Mkuu mwenyewe alikuwa amesema sijui. Mama hakuweza tena kurudi katika jiko la wifi yake baada ya kuondoka vile, akasikia habari za shamba la kukodi upande wa Suna, wakaenda. Shule kule ilikuwa ya mbali na mama alihitaji mikono. Nilipokwenda nyumbani likizo ya Agosti nilimkuta msichana sokoni akiuza mahindi, akiyapima kwa gorogoro, kopo la mafuta ya kupikia kama lile letu la mvua. Aliniuliza kama kuna mtu anayesoma kopo mwisho wa juma. Nikasema ndiyo, nasoma mimi. Akanijazia gorogoro hadi likafurika, na hakutaka kulipwa kwa kilichozidi.

Muhula wa tatu alikuja mkaguzi wa shule kutoka Kisumu. Aliketi nyuma ya darasa akisoma maelezo yangu ya somo, tofauti ya hali ya hewa na tabia ya nchi, ukurasa kwa ukurasa, na kalamu yake mkononi. Mwishoni mwa maelekezo ya kupima mvua nilikuwa nimeongeza mstari mmoja. Akausoma mara mbili.

"'Siku ambayo haikupimwa si siku kavu.' Hii umeitoa kitabu gani?"

"Si ya kitabu, bwana. Ni ya mwanafunzi."

"Mwanafunzi?" Akafurahi kwa dhati, akageuka kutazama madawati. "Mwambie asimame, nimwone."

Darasa zima likatazama chini. Nikamwambia hayuko.

"Anaumwa?"

"Hapana, bwana. Hayuko tena."

Akatia alama ya vema kwa wino mwekundu kando ya ule mstari, akafungua ukurasa uliofuata, wa upepo.